Diski Pacha za Seva, Toka Raidtab Hadi UEFI

Kuakisi diski ni kuandika kila data mara mbili, kwenye diski mbili, ili moja ikifa seva iendelee na nyingine. Kerneli ya Linux hufanya kazi hiyo bila kadi maalumu. Kilichobadilika sana ni namna ya kuiandaa siku ya kusakinisha mfumo.

Kisakinishi cha Debian cha mwaka 2002 hakikuwa na nafasi ya kuandaa diski pacha. Fundi alisakinisha mfumo kwenye diski ya kwanza, kisha katika faili `/etc/raidtab` akaiandika diski hiyo `failed-disk`, yaani mbovu, ingawa ilikuwa nzima. Aliunda jozi yenye diski ya pili peke yake, akanakili mfumo wote humo, akaiwasha seva kutoka huko, ndipo akaiingiza ile ya kwanza. Aliyekosea herufi ya diski alifuta kazi yote.

Debian 3.1, iliyotoka Juni 2005, iliondoa mzunguko huo. Kila diski hutengewa sehemu yenye ukubwa sawa, ikatiwa alama `physical volume for RAID`. Kisha huchaguliwa `RAID1`, diski hai mbili, akiba sifuri. Hapo huzaliwa `md0`, ambayo hufomatiwa kama diski ya kawaida.

Mtego uliobaki ni kuwaka. Kwenye mashine za BIOS, GRUB ikiwekwa kwenye diski moja tu, data huwa salama lakini diski hiyo ikifa seva haiwaki. Dawa ni kuiweka kwenye zote mbili:

```
grub-install /dev/sda
grub-install /dev/sdb
```

UEFI imeurudisha mtego huo kwa sura nyingine, kwa kuwa sehemu yake ya kuwashia husomwa kabla kerneli haijaamka, na kwa kawaida hukaa nje ya jozi. Lazima kila diski iwe na yake. Kisakinishi cha Ubuntu Server, tangu 20.04, huruhusu kuzichagua zote mbili. Uhakika hupatikana kwa kuzima mashine, kuchomoa diski ya kwanza na kuiwasha. Ikiwaka, `/proc/mdstat` huonyesha `[U_]` au `[_U]` badala ya `[UU]`.

Kwa seva iliyoko Kizuka, Rumonge, mambo mawili yana uzito zaidi. Umeme ukikatika ghafla, nakala mbili huweza kutofautiana. Ramani ya ndani, ambayo `mdadm` huweza kuiweka jozi inapoundwa, huonyesha sehemu zilizokuwa zikiandikwa, ili zilinganishwe hizo tu. La pili ni diski ya kubadilisha, ambayo huenda ikafuatwa Bujumbura kwa barabara ya RN3 na ikaja ya kampuni nyingine. Ikiwa ndogo kuliko sehemu iliyopo, hata kwa kiasi kidogo, jozi huikataa. Kwa hiyo wakati wa kusakinisha huachwa GB moja au mbili tupu mwishoni mwa kila diski.