Asilimia Tatu na Nusu ya Nini?

Kijana anapokwenda kukopa kwa mara ya kwanza hapa Mhunze, swali linalomtoka mapema kuliko yote ni riba asilimia ngapi. Akijibiwa tatu na nusu kwa mwezi, anashusha pumzi. Amesikia habari za kausha damu, za mtu aliyechukua laki moja na kudaiwa laki na thelathini mwisho wa mwezi, na tatu na nusu mbele ya thelathini inaonekana kama huruma. Tena ni namba halali. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana wanatakiwa kuwa na leseni, na ukomo wa riba waliowekewa na Benki Kuu ni hiyo asilimia 3.5 kwa mwezi. Basi kijana ameuliza, amejibiwa, na jibu linampa amani. Mimi nimelizungukia swali hilo kwa muda, na kadiri ninavyolizungukia ndivyo ninavyoona kwamba limekatika katikati.

Vijana wa kikundi kimoja cha hapa kwetu waliniomba niwaandikie maelezo ya mikopo kwa lugha ya nyumbani. Nikayagawa sehemu tatu, ya kwanza ikihusu riba, ya pili muda wa marejesho, ya tatu udhamini. Nilitarajia sehemu ya riba iwe fupi kuliko zote, maana ni hesabu, na hesabu nimeifundisha shuleni miaka mingi. Ndiyo iliyonikalia kichwani hadi leo.

Kilichonizuia kuimaliza ni karatasi aliyonijia nayo binti mmoja mshonaji. Alitaka cherehani na ovaloki ili ashone sare za shule, na alikuwa ameahidiwa mkopo wa shilingi 1,200,000 kwa miezi sita, riba asilimia 3.5 kwa mwezi. Kitabu cha marejesho alikuwa amekwishapewa. Kila mwezi kulikuwa na mstari wake, na kila mstari ulisoma vilevile, mkopo 200,000, riba 42,000, jumla 242,000. Hesabu ilikuwa safi. Asilimia 3.5 ya 1,200,000 ni 42,000, mara sita ni 252,000. Nikamwambia wamepiga sawasawa. Akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho.

"Mwalimu, mwezi wa sita nitakuwa nimebaki na laki mbili zao tu. Mbona riba bado ni ya milioni na laki mbili?"

Hapo ndipo nilipogeuza karatasi na kuanza upya nyuma yake, tukifuata pesa iliyo mkononi mwake badala ya pesa iliyoandikwa kwenye mkataba. Mwezi wa kwanza ana 1,200,000 zao, riba ni 42,000. Akirudisha 200,000, mwezi wa pili amebaki na milioni moja, na asilimia 3.5 yake ni 35,000. Mwezi wa tatu ana 800,000, riba 28,000. Kisha 21,000, kisha 14,000, na mwezi wa mwisho, akiwa na zile laki mbili alizozisemea, riba ni 7,000. Tukajumlisha, ikawa 147,000. Kiwango ni kilekile, mkopo uleule, miezi ileile, lakini njia ya kwanza inamtoza 252,000 na ya pili 147,000. Tofauti ni 105,000.

Njia ya kwanza huhesabu riba juu ya mkopo wa mwanzo hadi siku ya mwisho, kana kwamba hujawahi kurudisha hata senti. Ya pili huhesabu juu ya salio. Zote mbili zinatumika, na zote hutajwa kwa maneno yaleyale, asilimia tatu na nusu kwa mwezi. Ukitazama kile kitabu cha yule binti kwa jicho la salio, utaona kwamba mwezi wa sita anatoa 42,000 kwa ajili ya 200,000, yaani asilimia 21 kwa mwezi mmoja. Kwa wastani, katika miezi yote sita, pesa aliyokuwa nayo mkononi ni 700,000 tu. Riba ya 252,000 juu ya wastani huo, ukiigawa kwa miezi, inakuwa kama asilimia sita kwa mwezi. Hakuna mtu aliyemdanganya. Kila namba kwenye kitabu ilikuwa ya kweli, na bado bei ya pesa ilikuwa karibu mara mbili ya ile aliyoisikia.

Bado sijui niseme kwa ukali kiasi gani juu ya jambo hili. Wapo wanaotaka niandike kwamba riba ya mkopo wa mwanzo ni wizi, nami kalamu inasita. Vikoba vingi vya mama zetu vinatumia njia hiyohiyo, kwa sababu katibu anaweza kuihesabu kwa kichwa na kila mwanachama akaifuata. Lakini kwenye kikoba riba inaingia sandukuni, na siku ya kugawana inawarudia haohao waliokopa, kwa kadiri ya hisa zao. Labda basi, kabla ya kuhukumu njia ya kuhesabu, ni haki kuuliza riba hiyo inaenda kwa nani. Hilo sikuliandika katika sehemu ya kwanza, na nadhani nitalirudia.

Jambo moja naliandika bila kusita, nalo ni la kulipa mapema. Mwenye mkopo unaohesabiwa kwa salio akipata pesa baada ya rejesho la tatu, anadaiwa 600,000 alizobaki nazo, na riba aliyokwishatoa ni 105,000. Hadithi inaishia hapo. Mwenye mkopo wa njia ya kwanza anaweza kukuta mkataba unamdai pia riba ya miezi mitatu ambayo hajaifikia, 126,000 nzima. Kama ndivyo, haraka yake ya kulipa haimpunguzii chochote. Hili hutegemea mkataba, na lazima liulizwe siku ya kwanza, kwa sababu siku ya kulipa ni kuchelewa. Vilevile kuna makato ya mwanzo. Ikikatwa asilimia 3 ya ada, mkononi inafika 1,164,000, lakini kitabu kinaendelea kuhesabu riba ya 1,200,000.

Sehemu ya pili, ya muda, ilinifundisha kutazama wilaya yetu upya. Mhunze ni makao makuu ya Kishapu, na Kishapu ni wilaya ya pamba, choroko, dengu na mifugo. Pesa hapa haiji kila mwezi kama mshahara. Inakuja kwa msimu, vijana wanajaza maduka, kisha inakauka. Yule binti alitaka kukopa Novemba, na wazazi hununua sare Januari shule zinapofunguliwa. Rejesho lake la kwanza lilikuwa Desemba, kabla hajauza hata shati moja. Alipanga kulilipa kwa kutenga sehemu ya mkopo wenyewe. Nikamwonyesha maana yake: 242,000 zitakaa ndani ya sanduku mwezi mzima bila kununua kitambaa, huku zikilipiwa riba, kisha zirudi zilikotoka. Kwa kweli alikuwa anakopa 958,000 kwa bei ya 1,200,000.

Tukafikiri pamoja kama angeomba mwezi mmoja wa kupumua kabla ya rejesho la kwanza. Wakopeshaji wengine hukubali. Mwezi huo si wa bure, maana salio linabaki 1,200,000 na riba ya 42,000 inaendelea, lakini ni bei anayoiona. Au angekopa kidogo zaidi, cherehani peke yake, na ovaloki ingoje faida ya Januari. Sikumchagulia. Nilijiuliza kama ninayo haki ya kumwambia kijana apunguze ndoto kwa sababu mimi naogopa madeni, na jibu sikulipata. Alichokifanya mwishowe ni kurudi kwa afisa mikopo na kuomba vitu viwili, hesabu kwa salio na rejesho la kwanza lisogezwe. Cha kwanza alikataliwa. Cha pili alikubaliwa. Akachukua mkopo wa cherehani tu.

Sehemu ya tatu, ya udhamini, ndiyo ninayoiogopa kuiandika, kwa kuwa haina hesabu ya kujificha nyuma yake. Mdhamini kwetu ni kaka, mjomba, jirani, mtu ambaye heshima inamzuia kukataa. Anatia sahihi bila kuona jedwali, na siku mkopaji anaposhindwa, deni linahamia kwenye ng'ombe wake. Simu zimelipanua jambo hili. Zipo programu za mikopo zinazoomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyomo kwenye simu yako, na ukichelewa, jumbe za kukudhalilisha zinawafikia shangazi, mwalimu wako na fundi aliyewahi kukutengenezea baiskeli. Watu hao wote wamefanywa wadhamini pasipo kuulizwa. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Orodha ya namna hiyo husaidia, ila kijana mwenye mgonjwa nyumbani saa nne usiku haanzi kutafuta orodha. Ndiyo maana nawaambia waiulizie leseni wakati hawana shida, wakiwa wametulia.

Ipo pia mikopo ya halmashauri, ile inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Ilisitishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka uliofuata. Haina riba. Wengi huipita kwa sababu hutolewa kwa vikundi na karatasi zake ni nyingi, nami naelewa uchovu huo. Lakini sasa najua thamani ya uchovu huo kwa mkopo wa 1,200,000 wa miezi sita. Ni kati ya 147,000 na 252,000, na katika mji wetu hizo ni sare nyingi sana za kushona.

Kwa hiyo, kijana unayekwenda kukopa kwa mara ya kwanza, usiishie kwenye asilimia. Omba jedwali la marejesho lenye safu ya salio, tazama kama riba inashuka mstari kwa mstari, na uliza utadaiwa nini ukilipa mapema. Mwonyeshe mdhamini wako jedwali hilo kabla hajatia sahihi. Ukinyimwa jedwali, usisaini.