Mbuzi kizimbani: jinsi tulivyoandika kichekesho chetu

Wenzangu, wengi mmeniuliza ile michezo yetu ya mahakama tunaitoa wapi. Leo nieleze mmoja tu, ule wa mbuzi, kwa sababu ndio ulionisumbua zaidi na ndio ulionifundisha.

Ulianza na jambo la kweli. Hapa Nakivale jirani yetu mmoja, mzee wa watu, aliibiwa mbuzi. Kesi ikafika mahakamani, naye akaitwa kutoa ushahidi. Kila akifungua mdomo anakatizwa: "Hilo umeambiwa, hukuliona." Alirudi nyumbani kimya. Baadaye alimwambia mama yangu, "Wameniita mwongo mbele ya watu." Kesi ilianguka, na tangu siku hiyo alikuwa akisema hatakanyaga tena mahakamani, hata wakimwibia nyumba nzima.

Mimi nikataka kuandika mchezo juu ya hilo. Rasimu ya kwanza ilikuwa mbaya, nakiri. Niliweka mwizi, nikampa lafudhi ya kabila fulani, nikaweka hakimu mlevi anayesinzia. Tulipoisoma kwa sauti, wawili walicheka na mmoja akainuka akatoka. Lafudhi ile ilikuwa ya kwao. Hapo nikaona nimekosea mahali pa kuweka kicheko. Kambini mwizi wa mbuzi kila mara ni "wale", na mchezo wa "wale" unaweza kuleta mawe.

Basi tukamtoa mwizi kabisa. Tukajiuliza: kama mwizi hajapatikana na faili lazima liwe na mshtakiwa, atashtakiwa nani? Aliyekutwa na mali. Na aliyekutwa na mbuzi ni mbuzi mwenyewe! Hati ya mashtaka ikawa hivi: "Mshtakiwa, kwa kushirikiana na watu wasiojulikana, alijiiba usiku kutoka zizini." Kumbe jambo lenyewe ni la kale. Mwandishi Aristofane wa Athene alionyesha mchezo wa Nyigu mwaka 422 kabla ya Kristo, na ndani yake mbwa anashtakiwa kwa kuiba jibini, shahidi akiwa kifaa cha jikoni cha kukwaruzia jibini.

Sasa sikia siri ya vichekesho vya namna hii. Utaratibu wa mahakama lazima uwe wa kweli, na kila mtu aufuate bila kutabasamu. Kitu cha ajabu kiwe kimoja tu, mbuzi. Rasimu ya pili ilituharibikia hapo: hakimu alitania, wakili alipiga kelele, karani akacheza, na watu hawakucheka. Kama kila mtu ni mwehu, mbuzi hana kazi tena. Ndipo tukapata kipimo: ondoa mbuzi, weka mtu mahali pake. Kama sheria bado inasimama vilevile, utani una mfupa. Kama haisimami, ni makelele tu.

Chukua kusomewa shtaka. Sheria ya Uganda inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama mkalimani, bila kulipa. Sawa, tukampa mbuzi mkalimani. Shtaka linasomwa, mbuzi anasema "mee". Mkalimani anatafsiri dakika nzima: mshtakiwa anasalimia mahakama, analalamikia majani ya mahabusu, na anaomba shtaka lirudiwe polepole. Hakimu anauliza, "Yote hayo kwa neno moja?" Mkalimani anajibu, "Mheshimiwa, lugha yao ni fupi." Shtaka linarudiwa, safari hii mbuzi ananyamaza. Na asiyekiri hahesabiwi kuwa amekubali kosa. Karani anaandika huku akitamka: "Mshtakiwa amekana." Waliowahi kusimamia ukalimani maofisini walicheka mpaka machozi.

Utani wa pili unatoka kwenye kielelezo. Mali iliyoibiwa huletwa mahakamani kama kielelezo, na lazima ionekane kwamba iliyoletwa ni ileile iliyokamatwa. Ila huyu mbuzi ni mshtakiwa na kielelezo pamoja. Mwendesha mashtaka anataka kumbandika karatasi ya "Kielelezo A". Wakili anapinga, mteja wake si gunia. Halafu askari anaapa kwamba alimpokea mbuzi mmoja, akamtunza kituoni miezi mitatu, na leo amewaleta wawili. "Kielelezo kimezaa, Mheshimiwa." Hakimu anafikiri sana, kisha anaamuru mtoto aandikwe A1.

Lakini roho ya mchezo ni pale mlalamikaji anapopanda. Hapo niliandika polepole, maana nilikuwa namwona yule mzee wetu.

"Mke wangu aliniambia mbuzi yuko kwa huyu."

"Napinga," wakili anasema. "Ni ushahidi wa kusikia."

"Baba, sema ulichokiona kwa macho yako," hakimu anamwambia.

"Niliona mke wangu akiniambia."

Anaitwa mke. Yeye aliambiwa na jirani. Anaitwa jirani. Jirani hakuona kitu, ila alisikia mbuzi akilia usiku. Sasa wote wanageuka taratibu kumtazama mbuzi. Shahidi pekee aliyekuwepo ni mshtakiwa, na mshtakiwa ana haki ya kunyamaza. Anatafuna tu.

Katika rasimu niliweka hakimu akieleza sheria kwa maneno marefu. Tukakata, tukabakiza sentensi moja anayomwambia mlalamikaji: "Baba, sisemi umedanganya. Nasema aliyeona ndiye aje aulizwe maswali, maana wewe siwezi kukuuliza alichoona mwingine." Sentensi hiyo haina kichekesho, na tuliiacha hivyo kwa makusudi. Baada ya kucheka sana, masikio yanakuwa wazi.

Mambo ya vitendo kwa mtakaojaribu: tuliandika kurasa nane, tukahesabu ukurasa mmoja kama dakika moja, tukakata hadi sita. Mbuzi halii kwa kuambiwa. Tulimwazima mbuzi jike mwenye mtoto, mtoto akashikwa nje ya ukuta karibu. Kila akimsikia, mama anaita. Msimkalishe hivyo muda mrefu, dakika chache kisha wakutane, la sivyo anahangaika na maziwa yanachelewa. Na ile karatasi ya "Kielelezo A" muandae nyingi. Yetu ililiwa mara tatu.

Tulimwalika mzee siku ya mazoezi, kabla ya watu wengine. Niliogopa. Kama angeona tunamcheka yeye, tungeufuta mchezo wote, tulikuwa tumekubaliana hivyo. Alikaa kwenye jerikani, mikono kwenye fimbo. Kwa mkalimani hakucheka. Kwa kielelezo kuzaa alitikisika mabega kidogo. Walipofika kwenye "niliona mke wangu akiniambia", akainama. Moyo wangu ukashuka.

Tulipomaliza akaniita. "Mwanangu," akasema, "ile siku yangu, yule jirani aliyeona angekuja mwenyewe, wangemsikiliza?"

Nikamwambia, "Ndiyo baba. Yeye wangemsikiliza."

Akanyamaza. Halafu akasema, "Alikuwa tayari kuja. Mimi ndiye nilimwambia abaki achunge nyumba, nikasema nitamsemea."

Mbuzi wake hajarudi, na mchezo hautamrudisha. Ila aliniomba kitu kimoja: tukionyesha, ile sentensi ya hakimu isemwe kwa Kiswahili, kisha irudiwe kwa Kinyarwanda na Kirundi, ili wote waisikie. Tumeongeza nusu dakika. Mkalimani ndiye anayeirudia, na safari hii anatafsiri neno kwa neno.