Degedege na Somo la Wauguzi

Dumila ni mji wa njia panda. Barabara ya kutoka Morogoro kwenda Dodoma yapita hapo, na nyingine yachepuka kwenda Kilosa. Wakaguru, Waluguru, Wamasai na wageni wengi hukutana hapo, kwa hiyo muuguzi wa huko hukutana na desturi nyingi kwa siku moja. Sisi tuwafundishao wanafunzi wa uuguzi habari za desturi twaanza na kisa kimoja tulichokitunga kwa ajili ya somo.

Mtoto wa miaka miwili alishikwa na homa jioni, na usiku akapatwa na degedege. Bibi yake akampeleka kwa mganga wa kienyeji, maana alisikia tangu utotoni kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano hufa. Huko alifukizwa moshi, akanyweshwa dawa, akafungwa uzi mkononi. Asubuhi aliletwa zahanati, haamki akiitwa. Alipotajiwa hospitali baba akasema, “Na tumngoje mjomba.”

Twawauliza wanafunzi: Mtafanya nini? Wengi hujibu kwamba watamkemea bibi. Ndipo twawaonyesha hasara yake. Bibi aliyekemewa huificha dawa aliyonyweshwa mtoto, wala hasemi degedege lilidumu muda gani, wala mtoto alikula lini mara ya mwisho. Nayo ni mambo ya lazima, kwa kuwa mtoto mwenye malaria kali aliyekaa na njaa usiku kucha huweza kupungukiwa sukari katika damu, na upungufu huo peke yake waweza kumpoteza fahamu au kumrudishia degedege.

Basi kwanza ni uhai, maswali baadaye. Mtoto alazwe ubavu, asitiwe kitu chochote kinywani, pumzi zake ziangaliwe, damu yake ipimwe malaria na sukari. Asidhaniwe kuwa na malaria tu, maana homa ya uti wa mgongo nayo huleta degedege. Malaria kali ikionekana, na hospitali iko mbali, aanzishiwe dawa ya atesuneti kabla ya safari.

Uhai ukisha kulindwa, mwanafunzi huzigawa desturi za kisa katika mafungu matatu. Mgawanyo huu watokana na mafundisho ya Madeleine Leininger, muuguzi wa Amerika aliyefariki mwaka 2012: kuna desturi ya kuachwa, kuna ya kupatanishwa na matibabu, na kuna ya kugeuzwa.

Uzi wa mkononi huachwa, ikiwa haukazi mkono wala hauzuii sindano. Kuukata mbele ya bibi hakumponyi mtoto, bali humwondolea bibi imani kwa muuguzi.

Mjomba ni wa kupatanishwa. Waluguru na Wakaguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na ndugu wa kiume wa mama ana neno kubwa juu ya watoto. Baba yule hakuwa mzembe, aliilinda heshima. Muuguzi ampigie mjomba simu, amweleze hatari, hali dawa imekwisha kuanza, kwa maana sukari haingoji kikao. Vivyo hivyo kwa chakula: mtoto akiisha kuzinduka, bibi akimkataza mayai, asishindane naye. Uji wenye karanga zilizosagwa, na baadaye maharagwe au dagaa, vyatosha kwa sasa.

Dawa ya kunywa kwa mtoto asiye na fahamu ni ya kugeuzwa. Huingia mapafuni, naye hupaliwa. Moshi nao humzidishia shida ya kupumua. Na ile hofu ya sindano ina chanzo chake: watoto wengi hufikishwa wamechelewa mno, wakafa punde baada ya sindano, watu wakailaumu sindano. Bibi aelezwe kwamba kilichoua ni saa zilizopotea. Kisha aulizwe, “Homa ikirudi, bibi, utafanya nini?” Akijibu, “Nitamleta kwanza hapa,” amefahamu, akisema “Ndiyo” tu, bado.

Na mganga je? Mwaka 2006 ulichapishwa uchunguzi juu ya waganga na malaria kali ya watoto katika wilaya za Kilosa na Handeni, na Dumila imo wilayani Kilosa. Mtu afikiwaye kwanza na wazazi aweza kuwa wa kwanza kuwaelekeza zahanati, akiendewa kwa adabu na kuonyeshwa dalili za hatari.

Tena twawaonya wanafunzi wasiandike orodha ya makabila na miiko yao. Mluguru mmoja humngoja mjomba, na jirani yake hamngoji. Ajuaye desturi ya nyumba ile ni mwenye nyumba. Basi na aulizwe yeye.