Mfundamentalisti ni Nani? Kati ya Jina la Elimu na Jina la Tusi

Katika mabweni yetu neno "mfundamentalisti" halikosi wa kubandikwa. Frateri anayepiga magoti kupokea Komunyo hupewa jina hilo. Mlokole anayehubiri stendi ya mabasi kwa kipaza sauti hupewa jina hilo. Mwislamu aliyevaa suruali inayoishia juu ya vifundo vya miguu hupewa jina hilo kabla hajafungua kinywa. Magazeti yetu husema "mtu wa imani kali" au "mwenye msimamo mkali", na maneno hayo nayo hutumika kwa namna ileile. Sisi tunaosoma falsafa tulifundishwa katika somo la mantiki kwamba neno moja likibeba maana mbili ndani ya hoja moja, hoja huanguka. Basi inatupasa kuuliza: neno hili linataja kitu fulani kilichopo, au linaeleza tu jinsi msemaji anavyomwona mwenzake?

Tuanze na tusi, maana ndilo tunalolisikia zaidi. Mwanafalsafa Alvin Plantinga, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu imani ya Kikristo, alilichambua neno hili kwa mzaha wenye ukweli ndani yake. Alionyesha kwamba katika mazungumzo ya kawaida lina sehemu mbili: kwanza dharau ya msemaji, na pili kipimo kinachoanzia pale msemaji mwenyewe aliposimama. Mfundamentalisti ni yule anayeshika mapokeo kuliko mimi. Ndiyo maana maana yake huhama kila anapobadilika msemaji. Kwa asiyeamini Mungu, padre anayesadiki ufufuko wa mwili ni mfundamentalisti. Kwa padre huyo, ni yule mlokole wa stendi. Kwa mlokole, ni dhehebu linalokataza dawa za hospitali. Neno la namna hiyo ni kama "kule" au "huku": halina maana mpaka ujue msemaji yuko wapi.

Lakini neno hili halikuzaliwa tusi. Kati ya mwaka 1910 na 1915 vilichapishwa Marekani vijitabu 12 vilivyoitwa The Fundamentals, yaani Mambo ya Msingi. Aliyevigharimia ni Lyman Stewart, tajiri wa mafuta wa California, pamoja na ndugu yake Milton. Nakala zipatazo milioni tatu ziligawiwa bure kwa wachungaji, wamisionari na wanafunzi wa teolojia. Shabaha yake ilikuwa kujibu teolojia ya kiliberali, ambayo ilianza kuona miujiza na ufufuko kuwa lugha ya picha tu. Katika mwaka huohuo wa 1910 mkutano mkuu wa Wapresbiteri wa Marekani ulitaja mafundisho matano ambayo mchungaji hana budi kuyakiri: Biblia haikosei, Kristo alizaliwa na Bikira, alikufa kulipia dhambi zetu, alifufuka na mwili wake, na miujiza yake ilitendeka kweli. Mwaka 1920 Curtis Lee Laws, mhariri wa gazeti la Wabaptisti, alipendekeza neno jipya kwa wale walio tayari kupigania misingi hiyo. Akawaita wafundamentalisti, naye akajihesabu kuwa mmoja wao. Lilikuwa jina la heshima.

Msomaji Mkatoliki na asimame kidogo hapa. Katika mafundisho yale matano, ni lipi tunalolikana? Kuzaliwa na Bikira tunakukiri kila Jumapili. Ufufuko wa mwili tunaukiri. Kwa hiyo orodha ya mafundisho peke yake haiwezi kuwa maana ya ufundamentalisti, la sivyo Kanisa lote tangu Mitume lingekuwa humo. Tena wenye vijitabu vile hawakututambua kama ndugu: makala mojawapo iliuliza kama dini ya Roma ni Ukristo, na jibu lake lilikuwa hapana. Ni lazima tofauti iwe mahali pengine, katika namna ya kushika mafundisho hayo.

Wengi hudhani wanapajua mahali hapo: mfundamentalisti, husema, ni mtu anayesoma Biblia neno kwa neno. Kesi iliyowapa wengi dhana hiyo inafaa kutazamwa kwa karibu. Machi 1925 jimbo la Tennessee lilipitisha sheria ya kukataza kufundisha katika shule za umma kwamba mwanadamu ametokana na wanyama wa chini. Mwezi Julai kesi ya mwalimu kijana, John Scopes, ilisikilizwa katika mji mdogo wa Dayton. Upande wa mashtaka ulisaidiwa na William Jennings Bryan, Mpresbiteri aliyekuwa amegombea urais wa Marekani mara tatu. Upande wa utetezi ulikuwa na wakili Clarence Darrow. Tarehe 20 Julai Darrow alimwita Bryan mwenyewe awe shahidi wa mambo ya Biblia, na baraza likaketi nje uwanjani. Akamuuliza kuhusu siku sita za uumbaji. Bryan akajibu kwamba si lazima ziwe siku za saa 24. Huenda uumbaji ulichukua mamilioni ya miaka.

Basi mtu anayekumbukwa kuliko wote kwa ufundamentalisti hakuisoma sura ya kwanza ya Mwanzo neno kwa neno. Wala hakuwa peke yake: James Orr wa Uskoti, mmoja wa waandishi wa vile vijitabu, hakuona kwamba kila nadharia ya mageuko inapingana na Muumba. Scopes alitozwa faini ya dola 100, hukumu iliyotenguliwa mwaka 1927 kwa kasoro ya utaratibu, na Bryan alifariki siku tano baada ya kesi kwisha. Lakini ripoti za waandishi kama H. L. Mencken zilikuwa zimekwisha kumchora mfundamentalisti kama mshamba asiyesoma. Tangu hapo jina la heshima likawa doa, na katika miaka ya 1940 wengi waliolibeba wakahamia jina la Wainjilisti.

Aliyetueleza vizuri jibu la Bryan ni mtaalamu wa Maandiko James Barr, katika kitabu chake cha mwaka 1977. Kadiri ya Barr, kinachomtawala mfundamentalisti ni kutokukosea kwa Biblia, na usomaji wa neno kwa neno ni chombo tu cha kulinda kutokukosea huko. Neno kwa neno likihatarisha kutokukosea, huachwa. Sayansi ikisema dunia ina umri mkubwa, siku hugeuka kuwa nyakati ndefu, na Biblia hubaki haijakosea. Tuchukue mfano mwingine. Yohane anaweka kusafishwa kwa hekalu mwanzoni mwa kazi ya Yesu, na Injili nyingine tatu zinakuweka mwishoni. Anayeshika kanuni hiyo hujibu kwamba Yesu alilisafisha mara mbili. Hakuna Injili inayosema hivyo, lakini jibu hilo linazuia pasitokee kosa. Hapa tumepata kitu kinachoweza kutambulika bila kujua msemaji amesimama wapi: kanuni iliyowekwa kabla ya kusoma, ambayo hakuna andiko linaloweza kuitikisa.

Baada ya mapinduzi ya Irani ya mwaka 1979 neno lilivuka mipaka ya Uprotestanti. Martin Marty na Scott Appleby waliongoza utafiti mkubwa uliotoa majuzuu matano kati ya mwaka 1991 na 1995, wakilinganisha dini nyingi. Watafiti hao walikusanya alama zinazofanana. Kikundi huzaliwa kama jibu kwa dini kusukumwa pembeni na ulimwengu wa kisasa. Huchagua mambo machache katika mapokeo na kuyafanya yote. Huugawa ulimwengu kati ya wana wa nuru na wana wa giza. Huweka mpaka mkali kati ya waliomo na wasiomo. Kwao alama moja pekee haitoshi. Hutazamwa jinsi zinavyokaa pamoja.

Hata hivyo kipimo hiki kina ukomo wake. Kilishonwa kwa mwili wa Kiprotestanti, na kwingine hupwaya. Waislamu karibu wote husadiki kwamba Kurani ni neno la Mungu lisilo na kosa. Tukitumia alama hiyo kwao, tutamhesabu kuwa mfundamentalisti kila jirani anayeswali, na neno litakuwa halimtofautishi mtu na mwenzake. Vivyo hivyo suruali juu ya vifundo hutuambia kwamba mtu anafuata mfano wa Mtume wake. Haituambii anamwonaje jirani yake. Na alama hizo hazisemi lolote kuhusu mabavu. Wafundamentalisti wengi wa Marekani hawakumdhuru mtu, na kuna wauaji wasio na dini yoyote. Magazeti yanapoweka "imani kali" na "ugaidi" katika sentensi moja, yanaunganisha vitu viwili ambavyo kila kimoja kinahitaji ushahidi wake.

Sasa tumrudie frateri anayepiga magoti. Maagizo ya Vatikano ya mwaka 2004 kuhusu Ekaristi yanakataza kumnyima mwamini Komunyo kwa sababu tu ya kupiga magoti. Kupiga magoti kwake hakuna alama hata moja kati ya zile tulizotaja. Ila akisema kwamba wanaopokea wamesimama si Wakatoliki wa kweli, amechora mpaka. Akisema kwamba Mapokeo yaliishia mwaka 1962, amechagua kipande na kukifanya kizima. Na kwa upande mwingine, anayemcheka kwa magoti yake na kusema kwamba mtu wa namna hiyo hafai kuwa padre, naye amechora mpaka uleule.

Mwaka 1993 Tume ya Kipapa ya Biblia iliukosoa ufundamentalisti kwa maneno makali sana, hata kuuona kuwa mwaliko wa kuiua akili. Lakini tusome inachokosoa: ni usomaji unaokataa kwamba Neno la Mungu lilitolewa kwa lugha ya watu, kwa mitindo ya uandishi ya nyakati zao. Tume inahukumu njia ya kusoma. Sisi tunapolitupa neno kama jiwe tunamhukumu mtu, kisha tunadhani tumejibu hoja yake. Hoja yetu huwa hivi: kila mfundamentalisti hukataa akili, Petro ni mfundamentalisti, maana anasadiki kwamba kaburi lilikuwa tupu, basi Petro anakataa akili. Katika sentensi ya kwanza neno lina maana ya Tume, katika ya pili lina maana ya bwenini. Mwalimu wa mantiki angelikata kwa kalamu nyekundu.

Kwa hiyo, kabla ya kulitumia neno hili kwa mlokole wa stendi au kwa mwanajumuiya wetu, kuna swali moja la kumuuliza, nalo linafaa kuulizwa kwa upole na kusubiriwa jibu: ni kitu gani, kama kipo, kingeweza kukuonyesha kwamba andiko hili umelisoma vibaya? Anayetaja kitu, hata kimoja, bado tunaweza kusoma naye. Anayesema hakuna, neno la wataalamu linaanza kumfaa. Na swali hilo lina haki ya kuulizwa pia kwetu, tunaoyasoma Maandiko pamoja na Mapokeo na majalimu ya Kanisa, tena na yule tuliyetaka kumpachika jina.