Pole si Samahani

Nikiwa mgahawani siku hizi nasikiliza wahudumu kuliko ninavyosoma menyu. Mke wangu anasema ni ugonjwa wa uandishi wa habari, lakini ulinianza kabla sijaandika habari hata moja. Ulinianzia Kayanga, mwaka 2011, nilipokuwa nimemaliza kidato cha sita nasubiri chuo. Nilikuwa mhudumu katika mgahawa mdogo wa meza saba, na mama mwenye mgahawa alikuwa na sharti moja: mteja akikataa sahani, aliyeipeleka mezani ndiye anayeilipa. Zinaandikwa kwenye daftari, mwisho wa mwezi zinakatwa.

Jioni moja ya Julai waliingia watu watatu: mzee, mke wake na binti yao. Binti alikuwa anasafiri alfajiri kwenda chuoni, kwa hiyo hiki kilikuwa chakula cha kuagana. Wazee waliagiza ndizi na nyama ya ng'ombe, binti akaagiza mbuzi choma. Ilikuwa saa moja na robo usiku. Niliwamwagia maji ya kunawa, nikapeleka oda jikoni, nikarudi na jibu langu la kila siku: "Dakika tano tu, mzee."

Sikujua dakika tano zilitoka wapi. Ndizi zilikuwa tayari kwenye sufuria, lakini mbuzi alikuwa bado mbichi, na mkaa wenyewe haujashika vizuri. Dada wa jikoni alipakua sahani mbili za ndizi saa moja na nusu, akaziweka kwenye kidirisha zisubiri nyama ili meza yote ihudumiwe pamoja. Nyama ilitoka saa mbili na dakika kumi. Hesabu mwenyewe: ndizi zilikaa kidirishani dakika arobaini, kwenye sahani baridi, katika usiku wa Karagwe ambako Julai watu wanavaa masweta. Ndizi zikipoa hukaza, unazibonyeza kwa kidole zinagoma. Mafuta ya nyama ya ng'ombe huganda yakafanya utando mweupe pembeni mwa sahani. Nilibeba hivyohivyo.

Mteja wa kwetu mara nyingi halalamiki. Ndiyo maana mhudumu anatakiwa aone kabla ya kusikia. Mke wa mzee alishika tonge, akalirudisha, akaanza kuzungumza habari nyingine. Mzee alimega mara moja, akaisukuma sahani mbele kidogo kama anayetafuta nafasi ya mkono. Wangemaliza hivyo, wangelipa, wangesema hamna shida, na tusingewaona tena. Ila binti akaniita: "Kaka, tumekaa saa nzima na chakula chenyewe ni cha baridi."

"Poleni sana," nikasema. "Leo jikoni wamezidiwa. Lakini kilitoka cha moto."

Mzee akaniangalia. "Kijana, unatupa pole kwani tumefiwa?"

Nimelifikiria swali hilo kwa miaka mingi kuliko mihadhara kadhaa ya chuo kikuu. Pole tunampa aliyepatwa na jambo, hata kama sisi hatukuwepo: mgonjwa, aliyechoka, aliyejikwaa njiani. Haina mkosaji. Samahani inaye mkosaji, na anayeitamka anajinyooshea kidole. Mimi nilikuwa nimewapa pole na kuongeza utetezi juu yake, na sababu haikuwa adabu mbaya. Sababu ilikuwa daftari. Kukiri kwamba chakula kimepoa kulikuwa kukiri deni la sahani mbili. (Lile tangazo la "samahani kwa usumbufu uliojitokeza" nalo silipendi. Usumbufu haujitokezi, kuna mtu ameuleta.)

Aliyeniokoa ni dada mmoja mhudumu aliyewahi kufanya kazi katika hoteli Bukoba mjini. Alikuwa meza ya pili, akasikia, akaja. Hakunisukuma pembeni wala kunigombeza mbele yao. Aliinama kidogo ili asiongee akiwa juu ya vichwa vya wazee, akasema:

"Shikamoo mzee, shikamoo mama. Samahani. Mmesubiri karibu saa nzima, na chakula tumewaletea kikiwa kimepoa. Kosa ni letu. Hizi naziondoa, nawapakulia nyingine kutoka kwenye sufuria ikichemka. Itachukua robo saa. Nyama ya dada nairudisha pembeni ya moto isipoe, mle pamoja. Kwa sasa niwaletee supu ya moto, au chai?"

Kila sentensi ilikuwa na kazi. Alirudia malalamiko yao yote mawili, ya kuchelewa na ya baridi, kwa hiyo hawakuhitaji kuyasema tena. Hakugusa chakula kuhakikisha kama kweli kimepoa. Neno la mteja lilitosha. Hakuuliza "sasa mnataka tufanyeje?", swali linalomtwika mteja kazi yetu. Na robo saa haikuwa ya kubuni. Alikuwa amepita jikoni na kuona moto.

Jikoni nilitaka kurudisha zile ndizi kwenye sufuria zipate moto. Akanizuia: sahani iliyoingia mkono wa mtu hairudi kwenye sufuria ya watu. Akaongeza mkaa, akasubiri mchuzi uchemke hadi katikati, sio kuvuta mvuke tu pembeni. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kikae kwenye joto la zaidi ya nyuzi 60 hadi kinapoliwa. Hatukuwa na kipimajoto, lakini sufuria iliyofunikwa juu ya moto mdogo ingetosha. Kosa letu lilikuwa kupakua mapema. Sahani mpya alizisuuza kwa maji ya moto na kuzifuta kabla ya kupakua, jambo ambalo sikuwahi kuona mtu akilifanya pale.

Supu ilikuwa imeshafika mezani. Dakika ya kumi alinituma niwaambie: "Mzee, bado dakika tano, nimetoka kuziona." Safari hii dakika tano zilikuwa tano kweli. Nilirudi pia na birika la maji, kwa sababu walinawa saa moja iliyopita na tangu hapo walikuwa wameshika simu na viti. Chakula kikaenda chote kwa pamoja. Baada ya matonge mawili matatu nikauliza, "Sasa kiko sawa, mama?" Akaitikia kwa kichwa, mdomo umejaa.

Dawa hii ina mipaka. Kama ingekuwa nyama ndiyo imeharibika, robo saa ingekuwa uongo mwingine. Pale ungesema wazi ni dakika arobaini na kutaja kilicho tayari. Na aliye na haraka ya basi hafai kuahidiwa sahani mpya. Anahitaji hesabu yake ifungwe haraka.

Bili ilipoletwa, zile sahani mbili za ndizi hazikuwemo. Dada yule alikuwa ameshaongea na mama mwenye mgahawa, tena kabla mzee hajaomba hesabu, ili lisionekane ni punguzo la kunyamazisha mtu. Mzee alisoma, akatoa kalamu mfukoni, akataka kuziongeza mwenyewe. Tulibishana naye kidogo. Alikubali kwa sharti kwamba supu ailipe.

Usiku ule mama alifungua daftari, kalamu mkononi, akaniuliza ilikuwaje. Nilimwambia kuhusu kidirisha na zile dakika arobaini. Dada wa jikoni alikuwa anasikiliza, na nilijua namsogezea deni. Mama alikaa kimya, akamuuliza kwa nini anapakua kabla nyama haijaiva. Akajibu kwamba ukichelewesha sahani wahudumu wanapiga kelele. Ilikuwa kweli, na mpiga kelele mkubwa nilikuwa mimi.

Mama akafunga daftari bila kuandika. Kesho yake alitwambia tuwe tunamwambia mteja wa choma muda wake kabla hajakubali oda.