Viatu vya chaguwa: tuombe kwanza picha ya chini

Mwaka jana, mbele ya masomo kufunguliwa Septemba, tulinunua viatu vyeusi vya watoto kwa kutazama picha tu kwenye Watsapu. Viling'aa sana. Mvua za Novemba zilipokaza hapa Bukavu, maji yaliingia chini, watoto wakarudi na soksi zilizoloa. Mwaka huu tulikaa kikundi chetu tukalinganisha picha za wauzaji watatu, namba 34 kwa wote.

Wa kwanza aliomba dola 5. Kiatu kilipigwa rangi vizuri. Tukamwambia: «Papa, kigeuze, utupigie picha ya chini.» Tulitazama pale kiatu kinapokunjika mtoto akitembea, nyuma kidogo ya vidole. Mistari ya soli ilikuwa imefutika, pamebaki laini kama sahani. Hapo ndipo soli hutoboka kwanza. Tukakiacha.

Wa pili aliomba dola 6. Mistari ya chini ilikuwa mizuri. Tukaomba picha ya nyuma, viatu vyote viwili juu ya meza, simu ikiwa sawa na meza. Kisigino kulika kidogo upande wa nje ni kawaida, maana wengi wetu tunakanyaga hivyo. Kama tofauti ya pande mbili haipiti unene wa njiti ya kiberiti, hatuogopi. Lakini hiki kililika zaidi, na ngozi ya nyuma nayo imelala upande. Fundi anaweza kubadilisha kisigino, ila ngozi iliyolala hainyooki, na mguu wa mtoto utaifuata.

Wa tatu aliomba dola 7. Kwa picha ya kwanza tulikidharau: kimefifia, kina mikunjo juu ya vidole. Lakini mkunjo si mpasuko. Tulimwomba akikunje kwa mkono na kupiga picha karibu. Mikunjo ilikuwa laini, rangi haijabanduka katikati yake, wala hakuna iliyofika pale ngozi inaposhikana na soli. Mkunjo ukifika pale, gundi huachia na maji hupita. Chini mistari ilionekana yote, kisigino kilisimama wima. Tukachukua hicho, na kimefika Pasaka bila fundi.

Jambo moja picha haionyeshi: soli nyepesi ya povu iliyokaa miaka mingi bila kuvaliwa. Mistari yake ni mipya kabisa, lakini ndani imeoza, na kwa majuma machache inavunjika kama mkate mkavu. Kwa hiyo hatutumi pesa mbele. Tukifika sokoni tunabonyeza soli kwa kidole gumba na kuikunja. Ikitoa unga, au ikinata, au ikionyesha nyufa, tunamrudishia muuzaji kiatu chake.