Tangazo la Kozi Bila "Utapata Elfu Tano kwa Siku"

Wasee, muuza kozi mmoja hapa Kitale alinipa kazi: nimwandikie tangazo la sekunde 30 la kozi yake ya Google Sheets. Alitaka lianze na picha ya ujumbe wa M-Pesa na maneno "pata hadi elfu tano kwa siku." Nikamwambia hayo siandiki, nikamwandikia mengine.

Shida iko kwa hilo neno "hadi." Mwanafunzi mmoja akipata elfu tano siku moja na wengine wote wakose, bado muuzaji atasema hakudanganya. Lakini hasemi waliosoma ni wangapi, wala pesa ilitoka wapi. Sheria ya Kenya ya kulinda watumiaji, ya 2012, inakataza hata maelezo ya kupotosha, si uongo mtupu pekee. Na hapa Kipsongo, mtu akilipa mia nane ya kozi, hiyo ni pesa ya kibarua. Unga ulikuwa utoke hapo.

Sasa tangazo langu. Sekunde tano za kwanza skrini inaonyesha mauzo ya duka: sukari 170, unga 150, sukari 340, mafuta 300, sukari 170. Sauti inauliza, "Sukari imeleta pesa ngapi?" Kisha vidole vinaandika:

```
=SUMIF(A2:A6,"Sukari",B2:B6)
```

Jibu linatokea: 510. Sauti inasema, "Ngoja, hii si sawa. Inafaa kuwa 680." Kamera inasogea karibu na safu ya mwisho: mwenye duka aliacha nafasi moja baada ya neno "Sukari", kwa hivyo hiyo 170 haikuhesabiwa. Nafasi inafutwa, 680 inakuja.

Hilo kosa niliweka makusudi. Kuandika fomula kila mtu anaweza kunakili, lakini kujua kwa nini jibu limekataa ndiyo ujuzi wenyewe. Na mtazamaji anaweza kujaribu kwa simu yake kabla hajalipa chochote.

Sekunde kumi za mwisho zinasema hivi: "Ukimaliza masomo sita utaweza kutengeneza daftari ya mauzo ya duka dogo. Kazi hatukupi, wateja utatafuta mwenyewe. Bei ni 800, bando ni yako."

Mwenye kozi alisoma akasema litaleta watu wachache. Inawezekana. Lakini hao wachache watajua wanachonunua, na hawatakuja wiki ya pili kuuliza elfu tano zao ziko wapi.

Nyinyi mnaotazama, jaribuni hivi: toa pesa zote zilizotajwa kwa tangazo, uangalie kama kuna kitu umeonyeshwa kikifanywa. Kama hakuna, hata mwalimu mwenyewe hujui kama anakijua.